Nani Huhesabiwa? Vizingiti vya Idadi ya Wafanyakazi na Wajibu wa Waajiri Wadogo Tanzania Bara, 1964–2023, kwa Kuitazama Shungimbili, Mafia

Shungimbili ni kisiwa kidogo kilichopo baharini kati ya Kisiwa cha Mafia na pwani ya bara. Hakina kijiji. Ni eneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na kila anayefanya kazi pale, awe mlinzi, mpishi, fundi au nahodha, hufika kwa chombo na huondoka kwa chombo. Mwanahistoria wa kazi anaweza kukiona kisiwa cha namna hiyo kuwa hakina jambo la kumpa. Ukweli ni kinyume chake. Mahali ambapo watu wa kazi ni wachache, ambapo mmoja akiongezeka hesabu nzima hubadilika, ndipo linapoonekana vizuri swali ambalo mashamba makubwa ya mkonge na viwanda vya Dar es Salaam hulificha: sheria inapotamka kwamba wajibu fulani unamhusu mwajiri mwenye watu kadhaa au zaidi, ni nani hasa anayehesabiwa, anahesabiwa wapi, na kwa faida ya nani?

Makala haya yanafuatilia vizingiti vya idadi katika sheria za kazi za Tanzania Bara tangu 1964 hadi 2023. Hoja yake ni kwamba vizingiti hivyo havikutoka katika dhana moja ya “mwajiri mdogo”. Kila kimoja kilizaliwa na shida yake, kikawekewa kipimo chake, na matokeo yake ni kwamba mwajiri yuleyule, siku ileile, anaweza kuwa mdogo mbele ya sheria moja na mkubwa mbele ya nyingine. Zanzibar, ambayo ina sheria zake za kazi, haimo katika mjadala huu.

Kumi ya 1964

Sheria za kikoloni zilijali zaidi aina ya mtu na aina ya mkataba kuliko ukubwa wa mwajiri. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya 1923, na baada yake Sheria ya Ajira iliyotungwa 1955, zilishughulika na kipande, mkataba wa maandishi, mshahara wa kutwa na adhabu za kutoroka kazini. Mwenye shamba la minazi aliyekuwa na wakwezi watatu na kampuni yenye vibarua elfu moja walisimama chini ya maneno yaleyale, ingawa afisa kazi aliweza kulitembelea shamba la pili tu. Msamaha wa mwajiri mdogo ulikuwapo, lakini ulikuwa msamaha wa umbali. Hakuna aliyeuandika.

Kizingiti cha idadi chenye uzito wa kisiasa kiliingia na Sheria ya Usalama wa Kazi ya 1964. Sheria hiyo ilianzisha kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi zenye wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi, na chama chenyewe kilikuwa kimoja tu nchini, yaani NUTA, kilichoundwa mwaka uleule baada ya vyama vya awali kuvunjwa. Kamati ilipewa nafasi katika masuala ya nidhamu. Mwajiri aliyetaka kumfukuza mtu kwa kosa alitakiwa kuipitia kamati na kufuata kanuni ya nidhamu iliyoambatishwa kwenye sheria.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kumi hiyo haikuwa kumi ya wafanyakazi. Ilikuwa kumi ya wanachama. Mwajiri mwenye watu 25, ambao wanane tu kati yao walikuwa na kadi ya chama, alibaki bila kamati. Aliyekuwa na watu kumi, wote wanachama, aliipata. Kwa hiyo kizingiti hakikupima uwezo wa mwajiri kubeba gharama, bali kilipima kama chama kina watu wa kutosha kuendesha kikao pale kazini. Kilikuwa kizingiti cha chama zaidi kuliko kizingiti cha biashara. Watafiti wanaoisoma kumi ya 1964 kama huruma kwa mfanyabiashara mdogo wanaipa nia ambayo muundo wa sheria hauionyeshi.

Mkondo huo haukukatika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, iliyofuta ile ya 1964, inapanga idadi ya wawakilishi wa chama mahali pa kazi kwa kuwahesabu wanachama: mwakilishi mmoja pakiwa na mwanachama mmoja hadi tisa, watatu kwa wanachama kumi hadi 20, kumi kwa wanachama 21 hadi 100, na 15 wakizidi 100. Kilichobadilika ni chini ya ngazi. Mwaka 1964 wanachama tisa hawakupata chombo chochote. Tangu sheria mpya ianze kutumika Desemba 2006, hata mwanachama mmoja wa CHODAWU katika nyumba ya wageni yenye watumishi wanne ana haki ya kuwa na mwakilishi, ingawa mwakilishi huyo huenda akawa ni yeye mwenyewe.

Hamsini, kisha ishirini

Kizingiti cha pili kilihusu watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu Na. 2 ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 2 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa hesabu, kizingiti na asilimia vilikuwa vimefungamana: asilimia 2 ya 50 ni mtu mmoja kamili. Mwajiri alipofika pale sheria ilipoanza kumgusa, tayari alijua anadaiwa nafasi moja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ilishusha kizingiti hadi wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. Kwa nia, hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwani waajiri wengi wa kati walioachwa nje mwaka 1982 waliingizwa ndani. Lakini ule mfungamano wa hesabu ulivunjika. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Mwajiri wa watu 20 anaweza kusoma kwamba sheria inamdai chini ya mtu mmoja, yaani hakuna, na anayeisoma kwa upande wa haki atasema kwamba sehemu ya mtu haipo, hivyo ni lazima ipandishwe hadi mmoja. Ukiisoma hesabu kwa kushusha, mtu wa kwanza hupatikana mwajiri anapofikisha watu 34, kwa kuwa asilimia 3 ya 33 haijatimia moja. Kati ya 20 na 33, basi, kuna waajiri ambao sheria imewataja na hesabu haijawafikia.

Si jambo dogo kwa upande wa Mafia. Waajiri wa utalii wilayani humo, wale wenye hoteli ndogo za pwani, vyombo vya kupeleka wageni kwenye papa potwe na vituo vya kuzamia, mara nyingi huwa na watu wa kuhesabika. Kijana wa Kilindoni asiyesikia, au mwenye mguu mmoja na ujuzi wa injini za boti, haki yake katika sheria ya 2010 hutegemea kama mwajiri yuko upande huu au ule wa nambari, na akiwa katikati ya 20 na 33 hutegemea namna mwajiri anavyoisoma desimali. Haki yake ya kutobaguliwa ni suala jingine, na hiyo haina kizingiti.

Nne, kisha kumi: tozo ya ufundi stadi

Kizingiti kilichogusa mifuko ya waajiri wengi zaidi ni cha Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya 1994, iliyoianzisha VETA. Ili kugharimia mafunzo, sheria hiyo ilimtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi alipe tozo kwa kiwango cha asilimia ya jumla ya malipo ya wafanyakazi wake. Tozo hiyo siku hizi hujulikana kwa herufi SDL na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato. Mzigo ni wa mwajiri. Haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi.

Kiwango kilianza na asilimia 2, kikafika asilimia 6, kisha kikaanza kushuka: asilimia 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2020 na 3.5 mwaka 2023. Katikati ya safari hiyo, Sheria ya Fedha ya 2021 iligusa kizingiti chenyewe na kukipandisha kutoka wafanyakazi wanne hadi kumi. Hatua hiyo ilielezwa kuwa nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, na kwa yule mwenye watu wanne hadi tisa ilikuwa nafuu kamili: aliacha kulipa.

Lakini tozo hii ina umbile ambalo mjadala wa umma haukulitazama vya kutosha. Mwajiri akifika kwenye kizingiti hulipa kwa malipo ya wafanyakazi wote, wala si kwa yule aliyeongezeka peke yake. Kwa sababu hiyo mfanyakazi anayekamilisha idadi huja na deni la wenzake. Tuseme mwajiri ana watu tisa, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. SDL yake ni sifuri. Akimwajiri wa kumi kwa mshahara huohuo, jumla ya malipo huwa shilingi 3,000,000, na kwa kiwango cha asilimia 3.5 tozo ni shilingi 105,000 kila mwezi. Mtu wa kumi, aliyekubali kazi kwa 300,000, humgharimu mwajiri 405,000 hata kabla ya michango mingine. Ni zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake.

Ikiwa mishahara ni sawa, urefu wa ngazi hiyo hupatikana kwa kuzidisha kizingiti kwa kiwango. Mwaka 1994 ilikuwa nne mara asilimia 2, yaani asilimia 8 ya mshahara wa mtu anayekamilisha idadi. Kiwango kilipokuwa asilimia 6 ngazi ilifika asilimia 24. Mwaka 2020, kwa asilimia 4, ilishuka hadi 16. Kisha, Julai 2021, kiwango kikiwa kilekile na kizingiti kikiwa kumi, ngazi iliruka hadi asilimia 40, na mwaka 2023 ikateremka kidogo hadi 35. Kwa maneno mengine, mageuzi yaliyowaondolea mzigo waliokuwa chini yalimjengea mtu wa kumi ukuta mrefu kuliko wowote uliowahi kusimama mbele ya mtu wa nne. Anayeusoma mwaka 2021 kama nafuu tu ameiona nusu ya jambo.

Ipo pia misamaha isiyotegemea idadi, na mmoja wake unaigusa Mafia moja kwa moja, kwa kuwa ni wilaya ya minazi. Wafanyakazi wanaoshughulika na kilimo chenyewe shambani hawamo katika tozo, bali walio katika uongozi wa shamba na wanaosindika mazao hawasamehewi. Mkwezi na mpaliliaji wako nje. Anayekausha mbata yuko kwenye usindikaji. Katika shamba dogo ambapo mtu huyohuyo hukwea asubuhi na kugeuza mbata jioni, mpaka huo hupita katikati ya siku yake ya kazi.

Nne tatu zisizofanana

Hadi 2021 nambari nne ilikuwa na maana zaidi ya moja katika vitabu vya serikali. Sera ya maendeleo ya biashara ndogo na za kati ya 2003 iliita biashara “ndogo sana” ile yenye mtu mmoja hadi wanne, “ndogo” yenye watano hadi 49, “ya kati” yenye 50 hadi 99, na kubwa kuanzia 100, ikaongeza kipimo cha mtaji na kusema kwamba vipimo viwili vikipingana mtaji ndio utakaoamua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne mahali pa kazi ateue mwakilishi wa usalama na afya. Sheria ya VETA, kama ilivyoonyeshwa, ilianza kutoza kwa wanne wenyewe.

Mwajiri wa watu wanne kamili, kwa hiyo, alikuwa mdogo sana kwa sera, mdogo mno kwa mwakilishi wa usalama, na mkubwa wa kutosha kwa tozo. Hati tatu za zama moja, ambazo zote zilidai kumfikiria mfanyabiashara mdogo, zilimweka pande mbili tofauti za mstari. Sera yenyewe, ni vema kukumbusha, haikumsamehe mtu wajibu wowote. Ilikuwa njia ya kupanga misaada na takwimu. Hata hivyo si ajabu kwamba istilahi zake zimezoeleka midomoni, na mtu anayeambiwa kuwa biashara yake ni “ndogo sana” hudhani ameambiwa pia kwamba sheria za kazi hazimhusu.

Zaidi ya nambari kuna swali la mahali. Sheria ya usalama na afya huhesabu watu wa mahali pa kazi pamoja. Tozo na sheria ya watu wenye ulemavu humhesabu mwajiri mzima. Mfano wa kubuni unaweza kulionyesha hilo. Mwajiri ana watu watatu wanaohudumia boti na uangalizi katika kisiwa cha aina ya Shungimbili, wanne kwenye ghala na ofisi ndogo Kilindoni, na wanne wanaopokea wageni na kuandika hesabu Dar es Salaam. Kila kituo kikitazamwa peke yake, hakuna kilichozidi watu wanne, na wajibu wa kuteua mwakilishi wa usalama haujaamka popote. Lakini mwajiri ni mmoja na watu ni 11. Ikiwa wastani wa malipo ni shilingi 300,000, anadaiwa SDL ya shilingi 115,500 kwa mwezi kwa kiwango cha 2023. Mwenye fedha za kulipa tozo yupo. Mwenye jukumu la kuuliza kama makoti ya kuokolea maisha yanatosha botini hajateuliwa. Mpangilio huu una mantiki yake, kwani mwakilishi wa usalama ni lazima awe anaiona hatari kwa macho. Ila katika kazi za visiwani, ambako kituo chenye watu wachache kuliko vyote ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, mantiki hiyo hugeuka kichwa chini.

Yasiyosamehewa kwa udogo

Ni rahisi kwa mjadala wa vizingiti kumwacha msomaji na picha kwamba mwajiri mdogo ameachwa huru. Sehemu kubwa ya sheria ya 2004 haina kizingiti cha idadi hata kimoja. Mwenye mtumishi mmoja anadaiwa saa za kazi zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya malipo ya saa za ziada, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Hata punguzo la wafanyakazi, ambalo katika nchi nyingi huwekewa idadi ya chini kabla ya mashauriano kuwa lazima, hapa linadai taarifa na mashauriano bila kutaja idadi.

Vizingiti vilivyomo katika sheria hiyo ni vya muda. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi, humhitaji mtu awe amemaliza miezi 12. Na maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi hayalazimishwi kwa anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa mwajiri mdogo, maana sheria inaongeza kwamba mgogoro ukifika mbele ya chombo cha uamuzi na mwajiri akashindwa kuleta maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kampuni kubwa ina karani wa kumbukumbu. Mwenye boti mbili ana kumbukumbu kichwani, na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kichwa hakitoshi.

Hifadhi ya jamii nayo haisamehi udogo. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulioundwa kwa sheria ya 1997, huchukua asilimia 20 ya mshahara, ambayo mwajiri hawezi kuikata kwa mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaotokana na sheria ya 2008, ulianza kupokea michango 2015. Sekta binafsi ilitozwa asilimia 1, kisha 0.6 mwaka 2021, na 0.5 kuanzia 2022. Mwenye mfanyakazi mmoja anachangia kama mwenye mia. Uganda ilichelewa kufika hapo: sheria yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii ya 1985 iliwagusa waajiri wa watu watano au zaidi, na kizingiti hicho kiliondolewa kwa marekebisho ya 2022. Watumishi wa maduka yenye watu wanne walikaa nje ya mfuko kwa miaka zaidi ya 30.

Nahodha na mgao

Swali gumu kuliko yote halimo katika nambari. Mwajiri akiulizwa ana watu wangapi, hujibu kwa kuwataja anaowalipa mshahara. Pwani ya Afrika Mashariki ina desturi kongwe ya kazi isiyo na mshahara: mgao. Chombo kinarudi, mafuta, barafu na chakula huondolewa kwanza katika mauzo, na kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia kwa mafungu. Siku ya kukosa samaki hakuna fungu. Je, mabaharia hao ni wafanyakazi au ni washirika wa mwenye chombo?

Sheria ya Uingereza ya fidia kwa wafanyakazi ya 1906 ilijibu waziwazi: mabaharia wa vyombo vya uvuvi wanaolipwa kwa mgao wa faida au mapato hawakuwa ndani yake. Waliowekwa nje walikuwa wenye kazi ya hatari kuliko wengi walioingizwa. Tanzania ya 2004 haikuifuata njia hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 ina kifungu cha 61, kinachosema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa moja tu kati ya hali saba lipo, bila kujali umbo la mkataba: namna yake ya kufanya kazi inadhibitiwa na mwingine, saa zake zinadhibitiwa, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote.

Baharia wa mgao akipimwa kwa hali hizo, mara nyingi hatokosa moja. Nyavu, chombo na injini ni vya tajiri. Saa huamuliwa na maji na nahodha, na nahodha ni mtu wa tajiri. Anayevua msimu mzima kwa chombo kimoja hupita saa 45 kwa mwezi katika wiki ya kwanza. Dhana hiyo inaweza kukanushwa, na mabaharia wa dago wanaohama chombo hadi chombo wana hoja ya kuwa huru zaidi. Lakini mzigo wa kukanusha uko kwa mwenye chombo. Mwenye vyombo viwili vyenye mabaharia sita kila kimoja, ambaye daima amejihesabu kuwa hana mwajiriwa hata mmoja, kwa kifungu cha 61 anaweza kuwa na 12, na kumi ikawa imepitwa bila yeye kuajiri mtu mpya.

Hilo ndilo linaloifanya historia ya vizingiti isiweze kuandikwa kwa kufuata nambari peke yake. Nambari ilishuka au kupanda kwa sheria ya Bunge, tarehe yake ikajulikana. Ufafanuzi wa anayehesabiwa ulibadilika kimya kimya mwaka 2004, na kwa vyombo vya majini mabadiliko hayo huenda ni makubwa kuliko ya 2021.

Kwa mtafiti atakayefuata, njia ya kuona waajiri wanavyoishi na mstari imo katika rejesta zenyewe. NSSF na Mfuko wa Fidia havina kizingiti, hivyo orodha zao zinapaswa kuwa na kila mtu. SDL ina kizingiti, hivyo orodha yake inakatika pale chini. Mwajiri mwenye majina 11 NSSF na ambaye hatoi SDL amejitokeza mwenyewe. Mwenye majina tisa mwezi baada ya mwezi, huku malipo ya “vibarua” katika hesabu zake yakipanda kila msimu wa wageni, anastahili kutazamwa mara ya pili, kwa kuwa tozo huhesabu kibarua pamoja na wa kudumu. Na biashara mbili za watu sita sita zenye anwani moja, mwenye mali mmoja na boti moja, huenda zikawa ni biashara moja iliyogawanywa karatasini. Kinachoshindikana kuonekana kwa njia hiyo ni baharia wa mgao. Hayumo katika orodha ya kwanza wala ya pili, na chombo chake kikipinduka katika mkondo wa Mafia, jambo la kwanza ambalo warithi wake watalazimika kuthibitisha ni kwamba alikuwa na mwajiri.